Naomba ushauri: nondo iliyochongoka inarefuka kiasi gani ikivutwa?

Hamjambo ndugu zangu. Niko karakana ya vyuma hapa Changamwe, Mombasa.

Tuna nondo ya chuma ya mviringo, urefu mita 1, kipenyo 40 mm upande mmoja, kinapungua sawasawa hadi 20 mm. Inavutwa kwa 60 kN, E ni 200 GPa. Mwenzangu alitumia kipenyo cha wastani, 30 mm, akapata 0.42 mm. Mimi niliigawa vipande vyembamba vya dx; kila kimoja hurefuka P dx/(EA), na A hubadilika kwa kuwa d = 40 − 0.02x. Nikafanya integresheni kutoka 0 hadi 1000:

```
δ = 4PL/(πE·d1·d2) = 0.48 mm
```

Naamini wastani unadanganya, maana upande mwembamba hurefuka sana kuliko kile kinachookolewa na upande mnene. Mkazo pale kwenye 20 mm ni 191 MPa, na chuma chetu huanza kulegea kwenye 250, kwa hiyo hapo sina wasiwasi.

Kinachonisumbua ni nondo ya pili: kipenyo kinashuka vilevile, 40 hadi 20, lakini ndani ya 50 mm tu. Hesabu hii inachukulia mkazo umeenea sawa kwenye kila mkato. Kwa mteremko mkali hivyo, wa nyuzi 11 hivi kila upande, bado niiamini? Mliowahi kupima kwa geji, mlipata tofauti gani?