Ambulansi ilizunguka dakika 40 mtaani kwetu: nimwelekezeje mpokea simu nyumba isiyo na anwani?

Binti wa Buyuni
Habari zenu ndugu. Mwezi uliopita mama alishikwa na pumu usiku, nyumbani Buyuni. Mimi nilikuwa kazini Kariakoo. Mdogo wangu wa miaka 14 alinipigia analia, nikapiga simu ya ambulansi ya hospitali moja. Wakaniuliza mtaa na namba ya nyumba. Kwetu barabara haina jina, na kibao cha namba hakijawahi kubandikwa. Nikasema "karibu na msikiti, ulizia kwa Mama Pili", kisha nikamtumia dereva lokesheni kwa WhatsApp. Gari lilizunguka dakika 40. Mama yu hai, namshukuru Mungu, lakini sitaki tena usiku kama ule. Nielekezeje?

Mzee Kibao
Pole sana binti yangu. Siku hizi kila kata ina postikodi. Taja postikodi yako, watafika.

DerevaWaZamu
Mzee wangu, shikamoo. Postikodi inanifikisha kwenye kata tu, na kata moja ina maelfu ya nyumba. Namba ya nyumba pamoja na jina la barabara ndivyo vinavyosaidia, pale vilipo.

Dada, nimeendesha gari la wagonjwa miaka tisa. Hebu niambie: lokesheni uliituma ukiwa wapi?

Binti wa Buyuni
Kazini. Ee Mungu wangu. Nilibonyeza ile ya kutuma mahali nilipo.

DerevaWaZamu
Basi ulimtumia Kariakoo. Hilo hutokea sana anayepiga akiwa mbali na mgonjwa. Aliye nyumbani ndiye atume, au wewe ufungue ramani, ukandamize kidole juu ya paa la kwenu mpaka pini idondoke, zitokee namba mbili. Fanya hivyo leo, ukague, uzihifadhi kwenye simu za wote.

Zitume kwa meseji, maana kuzisoma kwa mdomo huharibu. Ya kwanza huku kwetu ina alama ya kutoa mbele. Ukiisahau, ramani inakwenda Ethiopia. Tarakimu nne baada ya nukta zinanileta ndani ya mita kumi na kitu hivi. Ukibakisha mbili, unaweza kunitupa hata zaidi ya nusu kilomita. Mdogo wako akituma mwenyewe, atoke nje ya bati kwanza, asubiri duara la bluu kwenye ramani lipungue. Likiwa kubwa, simu bado inabahatisha.

Mama Pacha
Mimi nilipojifungua nilipiga 115, ni bure, gari likaja. Kwa nini hukupiga huko?

Binti wa Buyuni
Dada, hiyo si ya m-mama, ya wajawazito na watoto wachanga? Mama yangu ana pumu.

Mama Pacha
Kweli, samahani. Ila hata mimi waliniuliza alama ya kunifikia. Mume wangu alikwenda kusimama barabarani na tochi.

DerevaWaZamu
Mumeo alifanya la maana kuliko ramani. Ramani haijui njia ipi imekatwa na mvua. Mimi nataka mahali pa kukutana palipo kwenye lami, na mtu wa kunipokea hapo.

"Kushoto" peke yake usiniambie. Nikitokea Pugu ni kushoto, nikitokea Msongola kupitia Chanika panakuwa kulia. Na "karibu na msikiti" si kitu, misikiti ni mingi. Kwa nyumba yenu ningependa kusikia hivi:

"Niko Buyuni, barabara ya Pugu kwenda Chanika. Ukitokea Pugu, pita msikiti wenye mnara wa kijani, njia ya vumbi ya pili baada yake, kushoto. Hapo kijana mwenye tochi anakusubiri. Nyumba ni mita 300 ndani, gari dogo linapita, daraja ni la mbao. Namba ya aliye na mgonjwa ni hii."

Yataje hayo kabla ya kueleza ugonjwa, ili simu ikikatika gari liwe limeshaanza safari. Kisha mpokea simu akurudishie alichoandika. Duka lenye bango jekundu usilitaje usiku, likifungwa silioni.

Boda wa Kijiwe
Sisi tumeshaongoza magari hayo mara nyingi. Weka namba ya boda mmoja wa kijiwe chenu, atangulie na taa zikiwaka.

Binti wa Buyuni
Nitaandika maneno hayo nibandike mlangoni kesho. Swali moja: mdogo wangu akienda barabarani, mama anabaki peke yake anahema. Nani akae naye?

Mzee Kibao
Hapo mwone balozi wako na jirani wa ukuta mmoja, waambie mapema. Je, majirani wana namba zako?

Binti wa Buyuni
Mmoja tu, na huwa anazima simu usiku.