Mrejesho: mfua vyuma wangu hakeri tena

Niliuliza: "Mfua vyuma kwenye gemu yangu anarudia sentensi ileile kila ukimkaribia, hadi wajaribu wanazima sauti. Niiandikeje isichoshe?"

Wakuu, nashukuru, imetulia. Mstari wa zamani ulikuwa "Ohoo! Hata simba angelikimbia panga hili!" Kumbe mzaha ndio uliokuwa unaumiza: unachekesha mara moja, kisha sikio linausubiri kabla haujafika. Sasa ipo mitano, yote mifupi: "Karibu." "Umerudi." "Haya, tazama." "Ndiyo?" na mguno tu. Nilimwomba mwigizaji aseme kama mtu asiyeinua macho kazini. Hapo ndipo tofauti kubwa ilipo, maana "Umerudi!" ya furaha ilichosha upesi kuliko ile tulivu.

Mistari inachanganywa kama karata: yote hutoka kwanza ndipo irudiwe, na wa mwisho haufungui mzunguko mpya. Bado ilikera mchezaji akipitapita mlangoni, nikaongeza ukimya wa sekunde 90.

Kisha niliisikiliza kila mmoja mara 40 huku nikipanga ramani. Wakati huo ulikuwepo na wa sita, "Moto haulali," nao niliutambua kila ulipopita. Nimeuhamishia kwenye mazungumzo ya mara ya kwanza.