Splita ya hedifoni inapiga upande mmoja na maiki haisikiki, hawa wauzaji wanatuonaje??

chozi_la_samaki: Jamani nimechoka na hii mitambo. Nimenunua splita ya kusikilizia muziki watu wawili kwenye simu moja, pakiti imeandikwa stirio kwa herufi kubwa kabisa, nachomeka hedifoni zangu nasikia kushoto tu, mwenzangu naye kushoto tu, nikipigiwa simu wa upande wa pili ananiambia hanisikii, namrudishia muuzaji ananijibu eti hedifoni zangu ndo mbovu!! Mbona nikizichomeka kwenye simu moja kwa moja zinapiga pande zote na maiki inafanya kazi?

kisoda: Waya umekatika ndani hapo, ukiukunjakunja pale kwenye shingo utasikia kulia kunarudi.

fundi_nje: Ingekuwa waya wa tawi moja umekatika, mmoja wenu angesikia vizuri. Nyie wote mmekosa upande uleule, kwa hiyo tatizo liko kwenye pini inayoingia kwenye simu. Hebu ihesabu zile pete nyeusi, kisha hesabu za kwenye hedifoni.

chozi_la_samaki: Hedifoni zina tatu. Splita ina MOJA. Moja tu!

fundi_nje: Basi hiyo ni mono, stirio ni ya kwenye pakiti tu. Pete nyeusi ni za kutenganisha, zinazobeba sauti ni vipande vya chuma kati yake. Pete tatu maana yake vipande vinne: nchani kushoto, kinachofuata kulia, kisha athi, na cha mwisho huku kwenye plastiki ni maiki, ndivyo simu nyingi za sasa zilivyo. Splita yako ina ncha na chuma kimoja kirefu, kikiingia kinagusa kulia, athi na maiki kwa pamoja, kwa hiyo kulia kunapigwa shoti na maiki simu haiioni kabisa. Ingekuwa na pete mbili ungesikia pande zote ila maiki bado ungeikosa.

kisoda: Aa kumbe. Lakini si anunue tu yoyote yenye pete tatu?

bibi_harusi: Yangu ina pete tatu na bado tundu moja kimya kabisa!! Wezi hawa

fundi_nje: @bibi_harusi angalia kama tundu moja lina kapicha ka maiki. Hiyo si ya kushea muziki, inatenganisha maiki na sauti kwa ajili ya hedifoni za kompyuta zenye pini mbili, moja ya maiki na moja ya sauti.

bibi_harusi: Kapo 😭 kadogo hakaonekani

chozi_la_samaki: Sasa nikipata ya pete tatu ya kushea, maiki zetu zote mbili zitasikika?

fundi_nje: Inategemea aliyeitengeneza. Kuna zinazopeleka waya wa maiki tundu moja tu, nyingine yote mawili, na kwa nje huwezi kujua. Ijaribu palepale dukani, jirekodi ukianza na tundu hili kisha lile.

chozi_la_samaki: Narudi kwa huyo muuzaji na hedifoni zangu shingoni, ahesabu mwenyewe hizo pete.