Mrejesho: kusoma mchoro wa rilei ya miguu mitano

Niliuliza: "Rilei ya volti 12 ina 30, 85, 86, 87 na 87a. Mchoro niusomeje kabla ya kuunga waya?"

Asanteni wakuu. Nilifuata ushauri wa kutenganisha njia mbili kwa penseli: ya koili (chanya, fyuzi, swichi, 86, 85, hasi), halafu ya taa (chanya, fyuzi, 30, 87, taa, hasi). Multimita ikalia kati ya 30 na 87a bila umeme, sawasawa na mchoro, maana huchorwa koili ikiwa imelala. Nikawasha swichi: rilei ikabofya, taa ikawaka.

Kilichogoma ni kutafuta miguu kwa kufuata mpangilio wa mchoro. Mchoro hauonyeshi mguu ulipo. Nilisoma namba zilizochapwa chini ya rilei.