Wiki sita Oman, wiki tatu nyumbani: siku 133 zinanifanya mkazi wa kodi?

Fundi Pampu:
Wakuu, habari za jioni. Naomba anayeijua sheria ya kodi anisaidie kabla Juni haijafika.

Mimi ni fundi wa pampu kwenye visima vya mafuta Oman, huko jangwani. Zamu yetu ni wiki sita kazini, wiki tatu nyumbani. Nilipoanza, mzee mmoja kambini alituambia tusifikishe siku 183 Bongo kwa mwaka, tukifanya hivyo TRA hawana habari na mshahara wetu. Nikalishika hilo. Juzi nimekaa na pasi nikahesabu mihuri ya kuingia na kutoka. Mwaka 2023 ni siku 119, 2024 siku 121, na 2025 siku 133 kwa sababu mama alilazwa nikaomba likizo ya ziada.

Sasa shemeji ananiambia kuna hesabu nyingine ya miaka mitatu. Ni kweli au ananitisha tu? Mshahara ukiugeuza ni kama milioni 4 kwa mwezi, na Oman hawakati kodi ya mshahara. Mke na watoto wako Kigamboni, kwenye nyumba yetu. Halafu kati ya hizo siku 133, kama 20 nilikuwa Unguja kwa mama. Nazo zinahesabiwa?

Kamba Mbili:
Mkuu, lala usingizi. Chini ya 183 wewe si mkazi, na asiye mkazi hutozwa kwa alichochuma hapa hapa tu. Mshahara wa Oman ni wa kazi iliyofanyika Oman. Shemeji yako anataka umtumie hela ya ushauri, hahaha.

Mwana Lindi:
Mimi naona kinyume. Ukishakuwa Mtanzania wewe ni mkazi tu, hata ukae Maskati miaka kumi. Pasi yako ni ya wapi?

Leja ya Zamani:
Wote wawili mmeshika kipande.

Uraia hauhusiki. Kuna Watanzania wengi nje ambao kikodi si wakazi, na kuna wageni hapa ambao ni wakazi. Anayefuatwa na sheria hata akiwa nje ni mtumishi wa serikali aliyepangiwa kituo ng'ambo.

Kamba Mbili yuko sawa kuhusu asiye mkazi. Ila 183 ni mlango mmoja tu, na shemeji hatanii kuhusu ule mwingine. Kama ulikuwepo nchini mwaka husika na miaka miwili iliyotangulia, na wastani wa miaka hiyo mitatu unazidi siku 122, wewe ni mkazi wa mwaka huo. Chukua 119, 121 na 133, jumla 373. Gawa kwa tatu, unapata 124 na ushee. Umepita. Ili wastani usizidi 122, jumla ilipaswa kuishia 366, kwa hiyo siku saba tu ndizo zilizokutoa. Na zamu yako ilikuweka ukingoni tangu mwanzo, maana theluthi ya mwaka ni karibu siku 122. Mgonjwa mmoja, ndege moja iliyoahirishwa, umevuka.

Unguja inahesabiwa. Sheria ya kodi ya mapato inasema Jamhuri ya Muungano, kwa hiyo boti ya Azam haikutoi nchini.

Lakini ndugu yangu, hizo hesabu zote kwako hazina kazi. Umesema mke na watoto wako Kigamboni kwenye nyumba yenu. Mwenye makazi ya kudumu nchini ni mkazi kwa mwaka wowote ambao amekuwepo hapa hata kidogo. Haisemi siku ngapi. Kwa hiyo ulikuwa mkazi 2023 na 2024 pia, kabla mama hajaugua. Yule mzee wa kambini hakuwapa nusu hiyo.

Fundi Pampu:
Duh. Kwa hiyo na mshahara wa Oman wanautaka?

Leja ya Zamani:
Mkazi anatozwa mapato yake popote yalipotoka, mshahara ukiwemo. Hebu tufanye yako. Milioni 4 kwa miezi 12 ni milioni 48. Kwa viwango vya mkazi, milioni 12 za kwanza za mwaka zinazaa kodi ya 1,536,000. Milioni 36 zinazobaki ni asilimia 30, yaani 10,800,000. Jumla 12,336,000.

Kama Oman wangekukata kodi, ungeomba ipunguzwe humu. Tuseme wangekukata milioni 5, hapa ungebaki na 7,336,000. Lakini hawakukati, kwa hiyo huna cha kupunguza. Watu wa Ghuba ndipo wanaponaswa hapo: wanadhani kwa kuwa kule hakuna kodi, basi hakuna kodi kabisa. Oman wameshapitisha ya kwao kuanzia 2028, asilimia 5 kwa kinachozidi rial 42,000 kwa mwaka, ila kwa mshahara wako haitakugusa.

Na kwa kuwa mwajiri wako hayuko hapa, hakuna anayekukatia. Ritani unapeleka mwenyewe. Ya 2025 mwisho wake ni tarehe 30 Juni 2026.

Mama Tausi:
Samahani naingilia. Mume wangu ni Mhindi, amehamia Arusha Machi 2025 na kibali cha ukaazi anacho. Ana nyumba ya kupangisha kwao Pune. Naye atakatwa kodi hapa kwa pango la Pune?

Leja ya Zamani:
Mama Tausi, kibali cha ukaazi ni cha Uhamiaji, kwenye hili hakiamui kitu. Kwa siku zake, 2025 ni mkazi. Ila kuna nafuu. Mtu ambaye maishani mwake mwote hajazidisha miaka miwili ya ukazi hapa hutozwa kwa mapato ya Tanzania tu. Kama hakuwahi kuishi huku kabla, Pune iko nje kwa sasa. Fundi Pampu aliyezaliwa na kukulia hapa, hiyo haimfai.

Binti wa Chumbageni:
Mimi niko Maskati mwaka wa sita. Sina nyumba Bongo, nikija nalala kwa dada Tanga, siku 35 au 40 kwa mwaka. Kwa maelezo haya mimi si mkazi, au chumba cha dada nacho ni makazi ya kudumu?

Kamba Mbili:
Nakubali kipigo. Ila Fundi, si uipangishe nyumba, familia ihamie kwa wazazi? Nyumba yenye mpangaji si makazi yako tena.

Leja ya Zamani:
Binti, kwa siku huna tatizo, na chumba cha kufikia ni vigumu kukiita makazi yako ya kudumu, mradi huna vyombo vyako na maisha yako humo. Kuhusu kupangisha nabishana na Kamba Mbili. Nyumba unayoweza kuirudia wakati wowote, mke akiwa mtaa wa pili, mimi nisingeisimamia mbele ya afisa. Wapo wenzangu wenye leseni ya ushauri wa kodi wanaosema inawezekana kama mkataba wa mpangaji ni wa muda mrefu.

Pwani 001:
Kwetu Kenya milango ni hiyo hiyo, 183, wastani wa 122 na nyumba. Ila KRA hawachukui kila kitu cha nje. Mshahara wa mkazi wanaufuata hata kazi ikifanyika Doha, lakini pango la nyumba yako iliyoko Doha ni habari nyingine. Usichanganye majibu ya Mombasa na ya Dar.

Fundi Pampu:
Asanteni. Jumatatu naenda kwa mshauri, na miaka yote mitatu. Nimeitoa tena pasi sasa hivi. Muhuri mmoja wa kutoka wa 2023 umefifia, sijui ni tarehe 3 au 8.

Leja ya Zamani:
Tafuta tiketi au meseji ya shirika la ndege, na uandike zote kwenye karatasi moja. Siku ya kuingia na ya kutoka zihesabu zote mbili. Kwako nyumba imeshaamua, lakini ukiulizwa siku usitoe namba ya kukisia.