Naombeni picha na video za zamani za Baba na Mama

Shikamooni wakubwa, na wadogo hamjambo.

Baba na Mama wanatimiza miaka 50 ya ndoa, nasi watoto tunawatengenezea filamu fupi. Naombeni picha na video zao zote, hata zilizofifia.

Nawasihi jambo moja: kwenye WhatsApp msizitume kama picha za kawaida. Juzi Shangazi alinitumia ile ya siku ya harusi. Ilifika na KB 110 tu, jina lake lina WA katikati. Kwenye simu ilipendeza, ila nilipoikuza uso wa Mama ujae skrini, macho yakageuka vimraba. Akaituma tena kwa kuchagua Document, ikaja na MB 3, nikaona mpaka darizi za shela.

Picha ya karatasi itoeni kwenye plastiki ya albamu, muilaze karibu na dirisha mchana, bila flashi, simu iwe juu yake sawasawa. Upande mmoja ukionekana mfupi kuliko wa pili, simu imeinama, rudieni. Pigeni na mgongo wake kama umeandikwa.

Baba Mdogo: Nimekuelewa, mwanangu. Albamu zote tatu nazitia kwenye boksi, kesho nazipeleka posta.

Mimi: Hapana Baba Mdogo, tafadhali zibaki hapo. Zikipotea njiani hatuna nakala. Mwombe mjukuu wako azipige kwa simu.

Binamu: Mimi nina kanda ya VHS ya sherehe. Naichezesha kwenye TV, narekodi kwa simu, yaishe.

Mjomba: Hiyo itatusaidia kuchagua vipande tu. Kwenye filamu mistari itapita juu ya picha, na feni yako itasikika. Tena usiichezeshe kabla ya kuitazama. Inua kifuniko cha mbele, uangalie utepe mwangani. Ukiona unga mweupe kingoni, huo ni ukungu. Utachafua vichwa vya deki, na kanda nyingine utakayoweka baadaye itaambukizwa. Kama ni safi, deki iunganishwe na kompyuta kwa kifaa cha kunasa video.

Binamu: Nimeangalia. Kuna weupe upande mmoja, sijui vumbi au ukungu.

Mjomba: Usiufute. Nipigie picha ya karibu.

Shangazi: Na hii ya ukutani imegandana na kioo. Nimejaribu kuibandua, kona imechunika.

Mimi: Pole Shangazi, iache hapo hapo. Ipige ikiwa ndani ya kioo: zima taa, dirisha liwe ubavuni, na mtu ashike kitambaa cheusi mbele yako, kilichotobolewa tundu la kamera, usijione kwenye kioo.

Shangazi: Sawa, nitajaribu asubuhi. Ila mtoto aliyeshika maua kando ya Mama yako ni nani? Huku kila mtu anataja jina tofauti.