Naomba ushauri: maandishi makubwa yamemshinda mwanafunzi wangu, nihamie kwenye sauti?

Chaki ya Njano (mleta mada)
Wakuu, habari za jioni. Nafundisha Kiswahili darasa la tano, shule ya msingi ya kawaida huku Tabora vijijini, siyo shule maalumu. Nina wanafunzi watatu wenye uoni hafifu. Wawili wana ualbino, wa tatu ni kijana ambaye macho yake ukiyatazama huoni kasoro. Jumatatu ijayo kuna jaribio la ufahamu na nimewaandalia habari ya aya nne kwa maandishi makubwa. Wale wawili wanakwenda nayo. Huyu wa tatu anasuasua, anaruka maneno, akifika mwisho wa mstari anapotea. Nimeona nimrekodie tu kila kitu kwa sauti. Swali langu ni moja: simu gani inarekodi sauti safi? Bajeti ni ya mwalimu, mnanielewa.

Fundi wa Mtaa
Mwalimu, simu yoyote ya kawaida inatosha, adui yako ni bati na upepo. Rekodi chumbani kwenye kitanda na mapazia, funga dirisha, simu iwe kama shubiri moja kutoka mdomoni na kidogo pembeni ili pumzi isigonge maiki. Jikoni usithubutu. Ukitaka ya bei poa nifuate faragha, ninayo moja imetumika kistaarabu.

Mama Wawili
Hawa watoto wanachanganywa na wengine sitini halafu mwalimu anaachiwa mzigo peke yake. Binti yangu alikaa mwaka mzima kiti cha nyuma kumbe haoni ubao, kila siku naitwa shuleni naambiwa mvivu. Kuvaa miwani, nafasi ya nne! Mpelekeni mtoto apate miwani, mambo ya simu baadaye.

Lenzi
Mwalimu, kabla ya simu. Nimesomea elimu maalumu Patandi na niko na watoto hawa kila siku, kwa hiyo nivumilie maswali. Umechapa kwa saizi gani? Ulichapa upya au uliikuza kwa fotokopi? Na huyo kijana anapotea kwenye saizi zote, au kuna moja anaiweza?

Chaki ya Njano
Nilikuza A4 kwenda A3 nikaona haifai, karatasi inafunika dawati zima. Nikachapa upya kwenye Word, Arial, 18. Nikapanda 24. Sasa iko 36, nimeshatoa nakala steshenari kwa hela yangu, nimebana na jalada, mwalimu mkuu ameziona na amefurahi. Kurudi nyuma siyo rahisi.

Lenzi
A3 uliikataa kwa haki. Fotokopi ya A4 kwenda A3 inakuza mara 1.4 tu, saizi 12 inakuwa kama 17, na wino unapauka. Mstari nao unarefuka, mtoto anayesogeza uso karibu na karatasi inabidi aburute kichwa. Lakini hujajibu swali la mwisho. Ulipotoka 18 kwenda 36, kijana alisoma haraka zaidi au taratibu zaidi?

Chaki ya Njano
Taratibu zaidi. Ila nadhani ni uchovu, alikuwa amesoma mara nyingi siku hiyo. Jamani, mimi niliuliza simu.

Lenzi
Simu itakuja. Je, kuna maandishi madogo umewahi kumwona anayasoma? Na jioni, giza likianza kuingia, anatembeaje?

Mzee wa Kigoda
Enzi zetu mwalimu alisoma habari mara mbili darasa zima likisikiliza, maswali ubaoni, basi. Tulielewa. Hizi saizi zenu mnawadekeza.

Chaki ya Njano
Sawa, nitasema. Sikuliandika mwanzo kwa sababu litaonekana kama namsingizia mtoto. Mapumziko anasoma maandishi ya pakiti ya biskuti, yale madogo kabisa ya viungo, anawasomea wenzake. Akirudi darasani maandishi yangu ya 36 yanamshinda. Walimu wenzangu wanasema anaigiza ili asaidiwe. Jioni mdogo wake anamshika mkono wakirudi nyumbani. Na mlango wa darasa anaugonga kwa bega hata mchana. Ndiyo maana nikaona sauti ni salama, inamaliza ubishi.

Kijiwe Nongwa
Hapa sasa ndipo chai inapoanza kumiminwa 😂 Mtoto anasoma pakiti ya biskuti, anashindwa herufi kama kichwa cha panzi? Jana uzi ulikuwa wa simu, leo mtoto ana macho ya ajabu. Mleta mada, ongeza sukari.

Mama Wawili
Hata mimi nimeanza kutilia shaka. Mwanzo hukusema lolote kuhusu biskuti.

Bwana Kahawia
Chai hii ina tangawizi kabisa. Nimekaa paleee.

Lenzi
Wakuu, hayo anayoyacheka Kijiwe ndiyo yamenifanya nimwamini. Hakuna anayetunga hadithi akakumbuka kumgongesha mtoto bega mlangoni mchana na kumshikisha mkono jioni. Mtoto wa namna hii mara nyingi anaona vizuri katikati, pembeni hakuna kitu, kama anayechungulia ndani ya mrija. Neno dogo linaingia lote kwenye kile kitundu. Neno kubwa linamwagika nje. Tuseme kwa 36 zinaingia herufi tatu kwa wakati mmoja. Ukishusha hadi 18, kwa umbali uleule, zitaingia kama sita. Mwalimu, kila ulipopandisha saizi ulikuwa unamkatia dirisha.

Wenye ualbino ni habari nyingine. Wengi wao macho yanachezacheza na mwanga unawaumiza, picha haitulii, hao ukubwa unawasaidia. Wakalishe migongo ielekee dirisha, na usiwape karatasi inayong'aa.

Bibi Mchicha
Kutoona jioni ni upungufu wa vitamini A, wakuu. Karoti, mchicha, maini. Wajukuu wangu niliwatibu hivyo hivyo.

Lenzi
Bibi, upungufu wa vitamini A kweli unaleta shida ya kuona gizani, kwa hiyo mchicha hautamdhuru. Ila mchicha peke yake hauelezi bega linalogonga mlango saa nne asubuhi. Inaweza kuwa presha ya macho, inaweza kuwa ugonjwa wa kurithi wa retina, na hapa jukwaani hakuna wa kusema ni upi. Presha ya macho ikichelewa, kilichopotea hakirudi. Mwalimu, zungumza na wazazi wiki hii waanzie kliniki ya macho ya hospitali ya mkoa, ikibidi wapewe rufaa.

Kijiwe Nongwa
Sawa mkuu, nimeshusha kikombe. Sijakimwaga lakini.

Chaki ya Njano
Na Jumatatu je? Wazazi nitawaona, lakini nakala za 36 ninazo mkononi. Siwezi kumwambia mwalimu mkuu nimekosea ukubwa. Sauti bado naona ndiyo njia.

Lenzi
Kesho fanya hivi. Andika sentensi tano zenye ugumu na urefu unaolingana, kila moja saizi yake: 12, 14, 18, 24, 36. Zisiwe kutoka kwenye habari ya jaribio, na asiwe anazijua. Kijana asome kwa sauti, achague mwenyewe umbali wa karatasi. Pima muda wa kila sentensi na uhesabu makosa. Kutakuwa na mahali kasi inakuwa nzuri, na ukipita hapo juu inashuka. Chukua saizi ndogo kabisa ambayo bado anaisoma kwa kasi yake nzuri bila kukunja uso. Fanya hivyo hivyo kwa wale wawili, usidhani 36 ni yao kwa sababu tu wamenyamaza.

Kisha mistari mifupi, nafasi ya mstari mmoja na nusu, upande wa kushoto unyooke na wa kulia uachwe huru. Maswali yawe karatasi tofauti, akae nayo kando ya habari, asipekue kurasa kila swali. Na yale maswali ya "neno lililopigiwa mstari" yabadilishe. Mstari unakata mikia ya herufi kama g na y. Andika "Katika aya ya pili, neno *ghadhabu* lina maana gani?", neno lenyewe ulikoleze wino. Ukiandika hivyo, swali hilohilo linafaa hata kwa sauti.

Msichana wa Nukta
Mimi sioni kabisa, nilisoma Thika, Kenya, na huu uzi nausikiliza kwa kisoma skrini. Mwalimu, tafadhali usimtupe mtoto kwenye sauti moja kwa moja. Shule yangu ya kwanza walinisomea kila kitu. Nilikuwa najibu vizuri sana, lakini kuandika "ng'ombe" nilikuwa sijui kwamba kuna king'ong'o pale katikati. Masikio hayakuonyeshi tahajia. Kama macho yake yanapungua, aanze nukta nundu sasa, wakati bado anaona kidogo.

Lenzi
Hapo kwa nukta nundu sitabishana, ila kwanza daktari aseme kama ugonjwa unaendelea. Kuna watoto wanabaki na kitundu chao miaka mingi na wanasoma maandishi ya kawaida.

Msichana wa Nukta
Daktari anaweza kuchukua mwaka. Nukta sita hazimdhuru mtu.

Chaki ya Njano
Na nikitaka sauti iwe msaada tu, siyo badala ya kusoma?

Msichana wa Nukta
Usirekodi faili moja refu. Mtoto anayeona akisahau jibu anarudisha jicho kwenye aya. Wa sauti naye lazima aweze kurudi. Maelekezo faili lake, kila aya faili lake, kila swali faili lake. Anza kwa kutamka "Aya ya pili", nyamaza kidogo, ndipo usome. Soma kama unavyozungumza, usiigize sauti za fisi na sungura. Swali lirudie mara mbili.

Fundi wa Mtaa
Nyongeza: kama atasikilizia redio ya memori kadi, nyingi za bei rahisi hazifuati majina ya mafaili, zinafuata lililonakiliwa kwanza. Futa kadi, halafu nakili moja moja kwa mpangilio. Usipofanya hivyo swali la tano litatangulia aya ya kwanza.

Chaki ya Njano
Mrejesho. Nimepima leo. Kijana kasi yake nzuri imekuja kwenye 14, kwa 18 imeshuka kidogo, kwa 36 alitumia zaidi ya mara mbili. Wa ualbino mmoja 24, mwingine kweli 36, kwa hiyo nakala hazijapotea zote. Baba wa kijana amekubali kumpeleka hospitali baada ya mavuno, nimemwomba asingoje. Mwalimu mkuu bado anataka wote watatu watumie zenye jalada, anasema mkaguzi akija zitapendeza.

Mzee wa Kigoda
Mchapie ya 14, ibane na jalada hilohilo.

Lenzi
Mzee leo umesema. Ila mwalimu, mwongezee na muda, hata kwa 14 bado anatafuta mwanzo wa kila mstari. Mpe kipande cha kadi nyeusi akiweke chini ya mstari anaousoma.

Fundi wa Mtaa
Kwa hiyo simu huchukui?